Faida ya mauzo kwa awamu: namna ya kuiahirisha, kuitambua, na kuifunga pikipiki inaporudi dukani

Duka ninalolitunzia hesabu liko Masasi mjini na linauza pikipiki kwa malipo ya awamu kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni madereva wa bodaboda, ambao hulipa rejesho kila mwezi kutokana na wanachokipata barabarani. Wa pili ni wakulima wa korosho, ambao hutoa kianzio, hulipa kidogo kidogo katika miezi ya ukata, kisha hupunguza sehemu kubwa ya deni pale fedha za mnada zinapoingia kwenye akaunti zao, kuanzia Oktoba hadi mwaka mpya unapoingia. Wote wawili wanaweza kukwama bila kuwa walaghai. Dereva anaweza kuvunjika mguu. Mkulima naye hana mamlaka juu ya siku ya malipo, na waliokuwapo msimu wa 2018/2019 wanakumbuka jinsi serikali ilivyochukua jukumu la kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jinsi wengi walivyongoja uhakiki kwa miezi kadhaa kabla ya kuiona fedha hiyo.

Katika biashara ya namna hii, ukiandika faida yote siku mteja anapoondoka na pikipiki, hesabu za Desemba zitaonyesha faida ambayo kwa kweli bado inaning'inia juu ya mkorosho. Njia ya mauzo kwa awamu hutibu jambo hilo kwa kuigawa kila shilingi inayokusanywa katika sehemu mbili: moja inarudisha gharama ya bidhaa, na nyingine ni faida. Faida ghafi ya mauzo yote huwekwa kando kwanza, ikiitwa faida ghafi iliyoahirishwa, kisha huachiliwa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyokusanywa. Ukilielewa wazo hilo la sehemu mbili, hesabu ya pikipiki iliyotwaliwa, yaani iliyorudi dukani baada ya mteja kushindwa kulipa, ambayo huwachanganya watunza hesabu wengi, itakuwa rahisi kuifuata.

Kwanza, hakikisha unaruhusiwa kuitumia

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu nimeona vijana wakiipeleka njia hii mahali isipotakiwa. Kampuni inayoandaa hesabu zake kwa viwango vya kimataifa, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa Tanzania chini ya usimamizi wa bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, haiahirishi faida kwa sababu tu malipo ni ya awamu. Kiwango cha IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinataka mapato yatambuliwe pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mteja, na hofu ya kutolipwa hushughulikiwa kwa kutenga fungu la hasara ya wadaiwa. Endapo tangu mwanzo hakuna dalili ya kutosha kwamba mteja atalipa, kiwango hicho hakiuhesabu mkataba huo kuwa mauzo yaliyokamilika, na fedha alizotoa hubaki zikiandikwa kama deni la duka kwake mpaka masharti yatimie.

Kodi nayo haingoji awamu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaitaka kampuni ihesabu mapato pale haki ya kulipwa inapopatikana, si pale fedha inapoingia mkononi, kwa hiyo faida uliyoiahirisha kwenye vitabu vyako vya ndani haijaahirishwa mbele ya mkadiriaji wa kodi. Sisi tunaitumia njia hii kwa hesabu za ndani anazosoma mwenye duka kila mwaka ili ajue ni kiasi gani anaweza kuchukua bila kula mtaji. Hesabu za mkaguzi huandaliwa kwa utaratibu mwingine.

Tenganisha riba na bei

Kabla ya kupiga asilimia yoyote, fungua mkataba na uangalie rejesho la mteja limebeba nini ndani yake. Mkataba wetu una bei ya pikipiki na una riba ya kungojea, na vyote viwili huingia katika rejesho moja. Mteja anayeleta shilingi 250,000, ambamo 30,000 ni riba ya mwezi huo, amepunguza bei kwa 220,000 tu. Riba ni pato la mwezi husika na huandikwa kivyake. Asilimia ya faida hupigwa kwenye ile 220,000, na ikiwa ni asilimia 30, faida inayotambuliwa ni 66,000. Ukiipiga kwenye rejesho zima utapata 75,000, na utakuwa umechuma faida juu ya riba ambayo yenyewe umekwishaiandika yote kuwa pato. Kosa hili halionekani katika mwezi mmoja. Huonekana mwishoni, pale faida iliyoahirishwa inapoisha na bado kuna wadaiwa kwenye leja.

Kiasi chote nitakachotaja kuanzia hapa ni cha bei peke yake, riba ikiwa imekwisha kuondolewa.

Kila mwaka wa mauzo uwe na leja yake

Mwaka 2023 duka liliuza pikipiki 20 kwa shilingi 3,500,000 kila moja, na kila moja ilikuwa imeligharimu duka 2,450,000 hadi kufika Masasi. Mauzo yalikuwa 70,000,000, gharama 49,000,000, na faida ghafi 21,000,000, sawa na asilimia 30 ya mauzo. Mwaka 2024 bei ya kununulia ilipanda hadi 2,700,000, nasi tukapandisha bei ya kuuzia hadi 3,600,000 tu, kwa sababu washindani walikuwa karibu. Ziliuzwa 25, mauzo yakawa 90,000,000, gharama 67,500,000 na faida ghafi 22,500,000, ambayo ni asilimia 25.

Asilimia hizo mbili hazichanganywi kamwe. Pikipiki iliyouzwa 2023 hubeba asilimia 30 mpaka senti yake ya mwisho ilipwe, hata kama itamalizwa kulipwa 2026. Kwa hiyo fungua leja ya wadaiwa wa awamu wa 2023 na nyingine ya 2024, na vivyo hivyo kwa faida ghafi iliyoahirishwa, kisha andika mwaka wa mauzo kwa kalamu nzito juu ya kadi ya malipo ya kila mteja. Karani wa dirishani hahitaji kujua hesabu yoyote zaidi ya kuuangalia mwaka huo na kuuandika kwenye stakabadhi.

Mwishoni mwa 2023 tulifunga hesabu ya mauzo kwa kudebiti Mauzo 70,000,000, kukrediti Gharama ya Mauzo 49,000,000, na kukrediti Faida Ghafi Iliyoahirishwa ya 2023 kwa tofauti, yaani 21,000,000. Kufikia hapo hakuna faida hata shilingi moja iliyoingia kwenye taarifa ya mapato.

Iachilie faida kadiri fedha zinavyoingia

Katika mwaka huo wa 2023 zilikusanywa shilingi 32,000,000. Asilimia 30 ya kiasi hicho ni 9,600,000, nasi tukaidebiti Faida Ghafi Iliyoahirishwa ya 2023 na kuikrediti Faida Ghafi Iliyotambuliwa. Wadaiwa walibaki na 38,000,000, na faida iliyoahirishwa ikabaki 11,400,000, ambayo ni asilimia 30 kamili ya hao wadaiwa. Kwenye mizania, napendelea kuonyesha faida hiyo ikiwa imetolewa kwenye wadaiwa, ili ibaki 26,600,000. Kiasi hicho ndicho gharama ambayo bado iko mikononi mwa wateja, na mwenye duka huielewa mara moja anapoiona.

Mwaka 2024 wateja wa 2023 walileta 26,000,000 na wateja wa 2024 wakaleta 41,000,000. Faida iliyotambuliwa ni 7,800,000 kwa kundi la kwanza na 10,250,000 kwa la pili, jumla 18,050,000. Kijana aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameijumlisha fedha yote, 67,000,000, akaipiga asilimia 25 kwa kuwa ndiyo asilimia ya mwaka huo, akapata 16,750,000. Tofauti ya 1,300,000 haikuwa imeibiwa na mtu, bali ni ile asilimia 5 iliyopotea kwenye 26,000,000 za wateja wa zamani.

Zingatia pia tarehe. Mwaka wetu wa hesabu huisha Desemba 31, katikati kabisa ya malipo ya korosho, na wiki ile ya mwisho huwa na stakabadhi nyingi kuliko mwezi mzima wa Aprili. Fedha iliyotumwa kwa simu tarehe 31 jioni huweza kuonekana kwenye taarifa ya benki Januari 2. Tunaihesabu kwa tarehe ambayo mteja aliilipa na duka likapata ujumbe, na orodha ya fedha zilizo njiani hubandikwa kwenye faili la ulinganisho wa benki. Kwa njia nyingine yoyote, isipokuwa iwe inafuatwa vilevile kila mwaka, faida itakuwa inahama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine kwa bahati tu.

Pikipiki inaporudi

Dereva mmoja aliyechukua pikipiki mwaka 2023 alilipa hadi Mei 2024 kisha akanyamaza. Alikuwa amelipa jumla ya 1,900,000 kati ya 3,500,000. Baada ya barua mbili na kikao mbele ya mwenyekiti wa mtaa, aliirudisha mwenyewe mwezi Agosti. Ilifika ikiwa imebebwa nyuma ya Kirikuu, mnyororo umelegea, kioo kimoja hakipo, kiti kimepasuka na kushonwa kwa uzi wa nyavu, na tairi la nyuma limebaki kipara. Kabla ya mtu yeyote kuigusa, tulipiga picha, tukaandika namba ya injini na ya chesisi, tukaandika kasoro zote kwenye karatasi moja, na dereva akaisaini. Ninaisisitiza karatasi hiyo kwa sababu thamani utakayoiandika kwenye vitabu itaulizwa siku moja, na jibu lake liko pale.

Hesabu ya utwaaji ina maswali matatu, nayo huulizwa kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza ni deni lililobaki. Ni 3,500,000 kutoa 1,900,000, yaani 1,600,000. Deni hili linaondoka kwenye leja ya wadaiwa wa 2023 kwa sababu mkataba umevunjwa na hatutegemei tena kulipwa.

Swali la pili ni faida iliyoahirishwa iliyomo ndani ya deni hilo. Ni asilimia 30 ya 1,600,000, yaani 480,000. Nayo lazima iondoke, kwa sababu haitakusanywa kamwe. Kinachobaki, 1,120,000, ni gharama ya pikipiki ambayo haijarudi.

Swali la tatu ni thamani ya pikipiki yenyewe katika hali iliyofika nayo. Hapa usitumie bei ya mtu mwenye haraka wala bei ya kujifariji. Fundi wetu alisema ikitengenezwa itauzika kwa 1,400,000, na bei za pikipiki kuukuu za umri ule pale mjini zilimuunga mkono. Tukatoa 220,000 za matengenezo, 40,000 za gharama ya kuiuza, na 140,000 kama faida ya kawaida ambayo duka hupata kwa pikipiki kuukuu. Ikabaki 1,000,000. Wapo wahasibu ambao hawaitoi hiyo faida ya kawaida. Mimi huitoa, kwa kuwa nisipoitoa, muuzaji wa pili atafanya kazi ya kuiuza bila kuonekana amepata kitu, na faida ya kazi yake itakuwa imeliwa na utwaaji.

Ingizo lake katika jarida ni hili:

```
Debiti   Bidhaa Zilizotwaliwa               1,000,000
Debiti   Faida Ghafi Iliyoahirishwa 2023      480,000
Debiti   Hasara ya Utwaaji                    120,000
    Krediti   Wadaiwa wa Awamu 2023         1,600,000
```

Hasara ya 120,000 ni gharama isiyorudi, 1,120,000, ikitolewa thamani ya chombo, 1,000,000. Kama makadirio ya fundi, baada ya makato yote, yangeacha thamani ya 1,200,000, kungekuwa na ziada ya 80,000, nayo huandikwa upande wa krediti. Ziada ikijitokeza, hata hivyo, mimi hurudi kwa fundi kumuuliza tena kabla ya kuiandika, kwa maana pikipiki ya mkataba mara chache hurudi ikiwa na thamani kubwa kuliko gharama yake ambayo haijarudi.

Nilipompelekea mwenye duka taarifa hiyo, alivua miwani akaniangalia.

"Mwanangu, yule kijana nimekula kwake milioni moja na laki tisa, na pikipiki nimeipata. Hasara unayoniandikia imetoka wapi?"

"Mzee, katika zile milioni moja na laki tisa, laki tano na sabini nilikwisha kukuandikia kuwa faida, na ukaisherehekea. Iliyorudisha gharama ni milioni moja, laki tatu na thelathini tu."

Swali lake lilikuwa la haki na lina jibu kamili. Pikipiki iligharimu 2,450,000, makusanyo yakarudisha 1,330,000, kwa hiyo 1,120,000 ilikuwa bado nje. Chombo kilichorudi kina thamani ya 1,000,000. Ukiitazama pikipiki hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, duka limepata 570,000 na kupoteza 120,000, yaani limebaki na 450,000. Ukihesabu kwa fedha na chombo utafika palepale: 1,900,000 kujumlisha 1,000,000 kutoa 2,450,000 ni 450,000. Mzee alikuwa sahihi kwamba hakufilisika. Mimi nilikuwa sahihi kwamba 120,000 ya faida aliyokwisha kuoneshwa ilikuwa inarudi nyuma.

Jinsi ya kugundua kosa

Kipimo ni kimoja nacho hakidanganyi: mwisho wa mwaka, faida ghafi iliyoahirishwa ya kila mwaka wa mauzo lazima iwe sawa na wadaiwa waliobaki wa mwaka huo mara asilimia yake. Wadaiwa wetu wa 2023 walianza 2024 na 38,000,000, wakalipa 26,000,000, tukaondoa 1,600,000 ya pikipiki iliyotwaliwa, wakabaki 10,400,000. Asilimia 30 yake ni 3,120,000. Leja ya faida iliyoahirishwa ilianza na 11,400,000, ikatoka 7,800,000 na 480,000, ikabaki 3,120,000. Kwa mwaka 2024 wadaiwa ni 49,000,000 na faida iliyoahirishwa ni 12,250,000, ambayo ni asilimia 25 yake.

Kosa linaloonekana zaidi ni mtu kulifuta deni, kuiingiza pikipiki kwa 1,000,000, na kuandika hasara ya 600,000, akiisahau faida iliyoahirishwa. Leja yake itabaki na 3,600,000 mahali pa 3,120,000, na tofauti ya 480,000 itamwonyesha hasa ni pikipiki gani aliyokosea. Hasara hiyo ya 600,000 ni ya uongo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni faida ambayo duka halikuwahi kuihesabu kuwa yake.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulikamata, kwa sababu kipimo hakilioni: kuiingiza pikipiki dukani kwa deni lake lote, kukiwa hakuna hasara wala faida inayoguswa, kisha kuifuta faida iliyoahirishwa kwa kuihamishia kwenye faida iliyotambuliwa. Leja zitalingana vizuri kabisa. Lakini pikipiki yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu itakuwa imekaa stoo kwa thamani ya 1,600,000, na duka litakuwa limejipa 480,000 kwa kunyimwa malipo. Tiba yake ni ile karatasi ya kasoro na makadirio ya fundi. Ukikuta bidhaa iliyotwaliwa ina thamani inayolingana kwa shilingi na deni lililofutwa, omba hiyo karatasi.

Inapouzwa mara ya pili

Matengenezo yaligharimu 220,000 kama ilivyokadiriwa, nayo yaliongezwa kwenye bidhaa zilizotwaliwa hadi ikawa 1,220,000. Hayaandikwi kama gharama za mwaka, kwa sababu makadirio yalikwisha kuyaondoa kwenye thamani, na ukiyaandika tena utakuwa umeyalipa mara mbili.

Februari 2025 pikipiki hiyo iliondoka tena kwa awamu kwa bei ya 1,400,000, ikachukuliwa na mkulima wa huko Nanyumbu. Ni mauzo mapya ya 2025, wala hayarithi asilimia 30 ya bwana wake wa kwanza. Faida ghafi yake ni 180,000, sawa na asilimia 12.86, na zile 40,000 za kuiuza zimeandikwa kama gharama za kawaida za mauzo. Kwa kuwa asilimia yake iko mbali na ya pikipiki mpya, pikipiki zilizotwaliwa na kuuzwa upya tunazifungulia leja yake ndogo ndani ya mwaka. Mkulima alitoa kianzio cha 500,000, na siku hiyo faida iliyotambuliwa ilikuwa shilingi 64,286.